Tulimlipa mshauri wa Nairobi bila kukata kodi ya zuio, sasa tumeandikiwa barua

*Dada, habari za kazi.*

*Nina kiwanda kidogo cha kukausha matunda hapa Arusha. Mwaka jana tulimpa kazi mshauri elekezi wa Nairobi, kampuni yake imesajiliwa Kenya, atutengenezee mfumo wa usalama wa chakula ili tuweze kuuza nje. Ada ni dola 16,000 kwa awamu nne. Alikuja kiwandani siku tisa, kazi iliyobaki akaifanyia kwake. Tumeshamlipa awamu tatu za dola 4,000, Machi, Mei na Julai 2024. Awamu ya nne inasubiri ripoti ya mwisho.*

*Hatukukata chochote. Mhasibu wetu alisema sote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki na mwenzetu atalipa kodi kwao. Juni hii tumepata barua ya matokeo ya awali ya ukaguzi kutoka Mamlaka ya Mapato. Inasema tulipaswa kuzuia asilimia 15. Wamejumlisha kila kitu, ada, tiketi, hoteli na posho, ikawa shilingi 34,600,000, wakaikuza hadi 40,705,882, na kodi wanayodai ni 6,105,882 pamoja na riba kuanzia Aprili 2024. Tumepewa siku 14 kujibu.*

*Kwenye mkataba kuna sentensi moja tu ya kodi: "Kila upande utawajibika kwa kodi zake kwa mujibu wa sheria." Je, nikatae? Nilipe yote yaishe? Na huyu ndugu nimdai? Naona haya, maana kazi ameifanya vizuri.*

*Mwenye kiwanda, Arusha*

---

Ndugu yangu,

Nimesoma barua yako na nakala ulizoambatanisha, na nimezipanga risiti zako mezani kwa tarehe. Sehemu kubwa ya deni hili ni halali na utailipa. Ila ndani ya hiyo milioni sita na ushee kuna shilingi 1,305,882 ambazo sioni kwa nini uzilipe, na riba nayo imehesabiwa vibaya. Kazi yako ndani ya siku hizi 14 ni kuvitenganisha hivyo viwili kwenye karatasi, waziwazi, ili mkaguzi aone mahali unapokubali na mahali unapobisha.

Nianze na unapokubali, kwa sababu najua ndipo panapouma.

Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, mkaazi wa Tanzania anayemlipa asiye mkaazi ada ya huduma yenye chanzo chake hapa nchini anatakiwa kuzuia asilimia 15 ya malipo na kuipeleka serikalini ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kwisha. Ile asilimia 5 unayoikata kwa mafundi na washauri wa hapa ni ya wakaazi, usiichanganye. Kampuni iliyosajiliwa Kenya na kuendeshwa kutoka Nairobi si mkaazi wa Tanzania, na siku tisa za kulala Arusha hazibadilishi hilo.

Hoja ya Jumuiya haitakusaidia. Soko la pamoja halijafuta kodi ya mapato kati ya nchi wanachama. Mkataba wa Jumuiya wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili ulitiwa saini mwaka 2010, lakini hadi leo haujaanza kutumika, na Tanzania na Kenya hazina mkataba mwingine wa aina hiyo unaofanya kazi kati yao. Mshauri wako angekuwa anatoka Afrika Kusini, India au Sweden ningekuambia tusome kwanza mkataba wa nchi yake, kwa sababu nchi hizo tuna mikataba nazo. Kwa Kenya hakuna cha kusoma. Na kwamba mwenzako atalipa kodi kwao ni kweli, ila hiyo ni kodi yake ya Kenya. Haifuti ya hapa.

Inabaki hoja ambayo wengi huiona ndiyo yenye nguvu, kwamba kazi kubwa aliifanyia Nairobi. Sheria inazungumzia huduma iliyotolewa ndani ya Jamhuri ya Muungano, na kwa miaka mingi walipakodi walisema huduma hutolewa pale mtoaji alipokaa. Mahakama ya Rufani iliikataa tafsiri hiyo katika shauri la Tullow Tanzania BV dhidi ya Kamishna Mkuu, rufaa ya madai namba 24 ya mwaka 2018. Ilitazama mambo mawili: huduma imetumika wapi, na nani amelipa. Ikitumika Tanzania na mlipaji akiwa wa hapa, chanzo ni hapa, hata kama mtaalamu alikuwa kwenye meza yake ng'ambo. Nimeona wafanyabiashara wakiandika kurasa sita kuieleza hoja hii ya Nairobi kana kwamba shauri lile halipo, na mkaguzi akifika ukurasa wa pili ameshaacha kuamini hata zile hoja zao nzuri. Mfumo wako wa usalama wa chakula umetengenezwa kwa ajili ya vikaushio vyako na wafanyakazi wako wa Arusha. Iache hoja hiyo.

Kwa hiyo kwenye ada hakuna ubishi. Stakabadhi zako za benki zinaonyesha dola 4,000 za Machi zilikuwa shilingi 10,200,000, za Mei 10,400,000 na za Julai 10,600,000. Jumla ni 31,200,000, na asilimia 15 yake ni 4,680,000. Sheria hailegezi hapo: asiyezuia anailipa mwenyewe kodi aliyopaswa kuizuia, kana kwamba aliizuia.

Sasa tuje kwenye ile 40,705,882, maana hapo ndipo kosa kubwa lilipo.

Mkaguzi amechukua jumla aliyoiona imetoka benki akaigawa kwa 0.85. Maana ya hesabu hiyo ni kwamba pesa aliyopokea mshauri ilikuwa salio baada ya kodi, na kwamba wewe ulikubali kumbebea kodi yake juu ya ada. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa pale mkataba unaposema ada ni halisi, haikatwi chochote, na mteja atalipa kodi zote. Mkataba wa namna hiyo unamfanya mlipaji aongeze malipo, na lile ongezeko nalo ni sehemu ya ada. Ungekuwa na sentensi hiyo, ningekuambia ulipe na usimdai mshauri hata senti.

Mkataba wako hausemi hivyo. Unasema kila upande utawajibika kwa kodi zake. Kodi ya zuio ni kodi ya mapato ya mshauri, wewe ni mkusanyaji tu. Kama ungekata Machi ile, angepokea dola 3,400 na mkataba usingevunjika. Ulimpa 4,000 kwa kosa, na kosa la kutokata si makubaliano ya kumlipia mtu kodi yake. Sheria inadai kodi iliyopaswa kuzuiwa, na iliyopaswa kuzuiwa kwenye malipo ya 10,200,000 ni 1,530,000, basi. Hiyo sentensi moja ya mkataba ambayo huenda hamkuifikiria sana siku ya kutia saini ndiyo nguzo ya jibu lako. Weka nakala ya ukurasa huo, ipigie mstari.

Kuna sharti moja hapa nakuomba ulishike kwa uzito. Hoja hii inasimama iwapo kweli utaidai kodi hiyo kutoka kwa mshauri. Ukiambia ofisi ya kodi kwamba hukukubali kumbebea, kisha ukaisamehe kimyakimya kwa kuwa unaona haya, ukaguzi ujao utakuta umembebea, na ile hesabu ya kugawa kwa 0.85 itarudi ikiwa na haki. Ndiyo maana suala la kumdai siliweki mwisho kama jambo la adabu tu. Limo ndani ya jibu lenyewe.

Kwenye gharama za safari, mkaguzi ameongeza 3,400,000 kwenye ada. Nimezipanga risiti zako nikaona makundi mawili. Shilingi 2,600,000 mlizilipa nyinyi wenyewe moja kwa moja kwa wakala wa tiketi na kwa hoteli, na risiti zimeandikwa jina la kampuni yako. Pesa hiyo haikupita mikononi mwa mshauri. Ni ununuzi wako kutoka kwa watu wengine, na sioni jinsi ya kuiita ada yake. Lakini 800,000 mlimpa mwenyewe mwezi Mei kama posho ya siku, bila risiti wala hesabu ya matumizi. Hiyo ni malipo kwake kwa sababu ya kazi, na ukiipigania utaonekana unabisha kwa ajili ya kubisha. Ikubali. Asilimia 15 yake ni 120,000.

Ukijumlisha, kodi unayoikubali ni 4,800,000. Wanayodai ni 6,105,882. Tofauti ndiyo ile 1,305,882 niliyokutajia mwanzo, na yote inatokana na mambo mawili tu: kugawa kwa 0.85, na tiketi na hoteli.

Riba nayo ina kosa lake. Barua imeihesabu yote kuanzia Aprili 2024, lakini Aprili 2024 ulikuwa unadaiwa kodi ya Machi peke yake. Kodi ya malipo ya Mei, pamoja na ile ya posho, ilistahili kulipwa kufikia tarehe 7 Juni, na ya Julai kufikia tarehe 7 Agosti. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi, riba inajilimbikiza kila mwezi, riba juu ya riba, kwa kiwango kinachofuata kile cha Benki Kuu. Ili uone uzito wa jambo hili, tuseme kwa mfano tu kwamba kiwango ni asilimia 1 kwa mwezi. Kwa hesabu yao, 6,105,882 kwa miezi 14 inazaa riba ya takriban 913,000. Kwa hesabu ya kila awamu na tarehe yake, yaani 1,530,000 kwa miezi 14, 1,680,000 kwa miezi 12 na 1,590,000 kwa miezi 10, unapata takriban 608,000. Waombe jedwali lao la riba lenye kiwango walichotumia, ulirudie kwa tarehe sahihi, ulirudishe.

Kabla hujaandika neno lolote, fanya jambo moja kimya kimya na mhasibu wako. Pitieni malipo yote mliyotuma nje tangu 2023: matangazo ya mtandaoni, programu za kompyuta, fundi wa mashine aliyekuja kutoka nje, wakala wa kutafuta masoko. Si yote yatakuwa na kodi ya asilimia 15, lakini mkaguzi aliyepata moja ataomba orodha ya mengine, na ni heri uyakute wewe kwanza, uyatolee taarifa na kuyalipa kabla ya kuulizwa. Kwa kodi ya ongezeko la thamani kwenye huduma zilizoagizwa nje, ambayo ina kanuni zake tofauti, mwambie mhasibu aiangalie kwa karatasi yake peke yake. Isiingie kwenye jibu hili kama hawakuiuliza.

Na tafadhali, usimfukuze mhasibu wako. Alichokisema nimekisikia kwa watu wenye shahada mbili.

Barua yenyewe iwe fupi. Ningeiandika hivi:

*"Rejea barua yenu ya matokeo ya awali ya ukaguzi. Tunakubali kwamba malipo ya ada ya huduma ya shilingi 31,200,000 na posho ya shilingi 800,000 kwa mshauri asiye mkaazi yalistahili kuzuiwa kodi ya asilimia 15, na kwamba hatukuizuia. Kodi hiyo ni shilingi 4,800,000. Tunawasilisha taarifa za kodi ya zuio za Machi, Mei na Julai 2024, na tunaomba namba ya malipo ili tuilipe.*

*Hatukubaliani na kukuzwa kwa kiasi kilicholipwa. Ibara ya kodi ya mkataba, nakala imeambatanishwa, inauacha mzigo wa kodi kwa mshauri. Hatukukubali kuubeba, na tumemwandikia kudai kiasi hicho, nakala imeambatanishwa. Kodi iliyopaswa kuzuiwa ni asilimia 15 ya kiasi kilicholipwa.*

*Hatukubaliani na kujumuishwa kwa shilingi 2,600,000 zilizolipwa moja kwa moja kwa wakala wa tiketi na hoteli. Risiti zimeambatanishwa.*

*Tunaomba riba ihesabiwe kwa kila awamu kuanzia tarehe yake ya kulipwa, kama jedwali letu linavyoonyesha."*

Basi. Usieleze hali ngumu ya biashara ndani ya barua hiyo. Kama unataka kuomba nafuu ya riba na adhabu, iandike barua ya pili. Sheria inampa Kamishna Mkuu nafasi ya kusamehe kwa sababu ya msingi, na maombi yana uzito zaidi kodi yenyewe ikiwa imeshalipwa. Sitakuahidi kwamba yatakubaliwa. Tarajia pia adhabu ya kuchelewesha taarifa za miezi ile mitatu. Hiyo ni tofauti na riba, na usishangae ikija kwa hati yake.

Peleka jibu mapema, hata siku ya kumi, na upate mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nimeona mlipakodi mwenye hoja nzuri akishindwa kuthibitisha kwamba aliwahi kujibu.

Ipo haja uelewe pia karatasi uliyo nayo ni ipi. Matokeo ya awali ni mazungumzo, bado hayajawa deni rasmi. Wakikukubalia, itatoka tathmini ya kiasi mlichoafikiana. Wasipokukubalia, itatoka tathmini ya 6,105,882, na hapo saa nyingine inaanza kuhesabu: una siku 30 tangu upokee hati ya tathmini kuwasilisha pingamizi kwa maandishi lenye sababu zako. Watu hupoteza haki yao hapa kwa kudhani jibu walilotoa kwa barua ya kwanza linatosha. Halitoshi. Pingamizi ni waraka mpya, hata kama maneno ni yaleyale.

Pingamizi halipokelewi bila kulipa kwanza sehemu ya kodi, ama theluthi moja ya iliyotathminiwa ama kiasi usichokibishia, chochote kilicho kikubwa. Theluthi ya 6,105,882 ni 2,035,294. Usichokibishia ni 4,800,000, kwa hiyo hicho ndicho cha kulipa. Ukiwa umeshakilipa mapema kama ninavyokushauri, mlango wa pingamizi uko wazi bila senti ya ziada, na riba ya sehemu hiyo imesimama. Ndiyo sababu nyingine ya kutosubiri. Kamishna akilikataa pingamizi, hatua inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi. Kwa shilingi 1,305,882 na riba yake ningefikiri mara mbili kabla ya kwenda huko na wakili, ila hoja ya mkataba ni safi mno kiasi kwamba natarajia iishe mezani kwa mkaguzi au kwa msimamizi wake.

Unapolipa, hakikisha malipo yamegawanywa kwa miezi husika na kwamba yameandikwa kama kodi ya zuio ya ada ya huduma kwa asiye mkaazi, kwa jina la mshauri. Yakiingia kama mkupuo mmoja wa Juni 2025, mfumo utaendelea kukuonyesha una deni la Machi 2024, na hati ya kodi ya zuio ya mshauri haitapatikana kirahisi. Kwenye vitabu, mwambie mhasibu asiiweke 4,800,000 kwenye gharama. Ni deni unalomdai mshauri. Riba na adhabu ndizo zako, na hizo usimpelekee. Hakuwa yeye aliyechelewa.

Sasa yeye. Sheria yenyewe inakupa haki ya kudai kwa mlipwaji kodi uliyoilipa baada ya kushindwa kuizuia. Una bahati ambayo wengi hawana, kwamba bado una dola 4,000 zake mkononi. Kodi ya ada yote ya dola 16,000 ni dola 2,400, yaani 1,800 za awamu tatu zilizopita na 600 za hii ya nne. Ukizitoa, atapokea dola 1,600, pungufu ya zile shilingi 120,000 za posho zikibadilishwa kwa bei ya siku. Zile 600 za awamu ya nne zizuie siku ileile ya malipo na uzipeleke kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, zisije zikawa barua nyingine.

Lakini usimtumie 1,600 akazikuta benki bila neno. Mpigie kwanza. Mwambie ulikosea mwenyewe, kwamba ulipaswa kumkatia tangu Machi, na kwamba riba na adhabu umezibeba wewe. Kisha mwandikie siku hiyohiyo, barua ya kawaida ya nusu ukurasa yenye hesabu hii, maana nakala yake ndiyo unayoiambatanisha kwenye jibu lako kwa mkaguzi. Mpe hati za kodi ya zuio za awamu zote nne mara zitakapotoka, awape wahasibu wake wa Nairobi waone sheria ya kwao inawaruhusu nini juu ya kodi iliyolipwa nje. Bila mkataba kati ya nchi zetu, sehemu ya kodi hii inaweza kumwangukia mara mbili, na ana haki ya kukasirika kidogo. Akikuomba mgawane, kataa kugawana kodi. Kama kazi yake ni nzuri kama unavyosema na una kazi nyingine ya kumpa, ongeeni bei ya kazi hiyo mpya, kwa mkataba mpya, wenye ibara inayosema kwa maneno kamili kwamba ada ni kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 15 na kwamba mteja ataikata.

Akikataa kabisa, dola 4,000 bado ziko kwako na ripoti ya mwisho bado iko kwake. Hapo niandikie tena kabla hujalipa.